Karatasi Iliyochanwa

Mwalimu Mutahi alifika hotelini Nanyuki Alhamisi moja ya mwaka 1988, aje kukaa siku tano kwa semina ya walimu wakuu. Wacera, karani wa mapokezi, aliipitisha kadi yake ya benki kwenye mashine ya mkono iliyochapa nambari zake kwenye karatasi, kisha akapiga simu Nairobi. Benki ikampa nambari ya idhini na kuzuia shilingi elfu nne na mia tano. Hazikukatwa, zilitengwa tu, asiweze kuzitumia kwingine. Siku ya kuondoka angetia sahihi bili yenyewe, karatasi iende benki, akatwe alichotumia na kinachobaki kiachiliwe.

Asubuhi iliyofuata ikaja telegramu: ndugu yake Ndungu alikuwa mahututi Mombasa. Mutahi alilipa usiku mmoja kwa pesa taslimu, shilingi mia nane, ili kadi ibaki ya tiketi ya ndege. Akauliza kuhusu zile zilizozuiwa. Wacera akaichana karatasi ya kadi mbele yake.

"Imeisha, mwalimu. Safari njema."

Alijua haijaisha. Kuchana karatasi hakufungui kitu; aliyezuia ni benki, na hoteli isipopiga simu kufuta ile idhini, pesa hukaa hivyo siku kadhaa hadi muda wake upite. Lakini meneja, Moffat, alikuwa amekataza simu za Nairobi, ila za kuomba idhini, kabla ya jioni, zilipokuwa nafuu. Jioni mvua ikaangusha nguzo huko Naro Moru, na simu zikanyamaza hadi Jumatatu.

Jumatano ya wiki iliyofuata Mutahi alirudi, amenyoa kichwa. Alisimulia polepole, kana kwamba anasoma. Kikomo cha kadi yake kilikuwa elfu tano. Huko Nairobi tiketi ya ndege ilikuwa elfu moja na mia mbili, na karani wa ndege alipopiga simu benki akaambiwa zimebaki mia tano. Mfukoni alikuwa na mia sita. Akapanda basi. Alipofika, Ndungu alikuwa amekata roho tangu alfajiri, akimwita.

Wacera alitaka kutaja mvua na nguzo. Badala yake akasema ukweli: kwamba alipochana ile karatasi alijua.

Mutahi aliweka kofia yake juu ya kaunta.

"Ungeniambia tu, binti yangu," akasema. "Ningeacha hii hoteli ijilipe kwa kadi. Ile mia nane ningekuwa nayo mkononi pamoja na zile mia sita, ningepanda ndege."

Aliomba barua ya kueleza yaliyotokea, awaonyeshe jamaa zake kwa nini alichelewa. Moffat alikataa kuiandika; mteja, alisema, hakukatwa hata senti moja, na idhini ilikwisha kufutwa juzi. Ilikuwa kweli. Taarifa ya benki ya mwezi ule haingeonyesha lolote.

Mutahi alishukuru, akavaa kofia, akatoka. Wageni watatu walikuwa wamepanga foleni. Wacera akapokea kadi ya wa kwanza, akaiweka juu ya kaunta bila kuisukuma mashine.