Kigezo Kimoja

Ofisini walimwita Bi Mkato, naye hakuchukia. Kwa miaka mingi alikuwa akihariri Kiingereza cha madaktari na watafiti, na alama hiyo ya koma aliichomeka kila mahali kama mtu anayetia chumvi. Alijua kazi yake na alijua kwamba anaijua, na hilo la pili ndilo lililowachosha wenzake.

Asubuhi hiyo mezani palikuwa na mwongozo mfupi wa zahanati, wa kueleza ni lini mtoto apelekwe hospitali haraka. Ulikuwa utoke kwa Kiingereza, kisha kwa Kiswahili, na mpiga chapa alikuwa akiusubiri. Mwandishi alikuwa daktari wa watoto, bingwa kwa wagonjwa, balaa kwenye wingi wa maneno ya kuazima. Mahali fulani aliandika "this analyses". Bi Mkato hakukurupuka. "Analysis" ni uchambuzi mmoja, "analyses" ni zaidi ya mmoja, kwa hiyo alifungua majedwali, akaona chambuzi ni mbili, akaandika "these analyses". Kwenye "phenomenas" alifyeka s ya mwisho, maana "phenomena" ni wingi tayari. "Data" aliipa kitenzi cha wingi kwa sababu ndiyo desturi ya ofisi yao, ingawa wengi siku hizi huihesabu kama umoja na hakuna aliyedhurika.

Kisha, kwenye rufaa, yaani kumpeleka mtoto hospitali, akaikuta hii: "The criteria for referral is fast breathing, fever and cough to be recorded."

Hapo hakufungua chochote. "Criteria" ni wingi, hilo alilijua hata usingizini, na alikuwa anataka chai. Akafuta "is", akaandika "are". Sasa baada ya kitenzi cha wingi, kupumua haraka peke yake kulionekana kupwaya, basi akaongeza mkato baada ya "cough". Vikawa vitu vitatu vimejipanga vizuri: kupumua haraka, homa na kikohozi. Akauvusha ukurasa kwenda meza ya pili.

Meza ya pili alikaa mtafsiri, mume wa mdogo wake, mtu wa maneno mengi.

"Shemeji," alisema, "hapa niandike kigezo au vigezo?"

"Criteria ni wingi. Leo umeamka upande gani?"

"Nimeamka vizuri tu. Ila daktari aliandika 'is', nimeona kwenye nakala yake. Sasa nani kakosea, kitenzi au nomino?"

"Kitenzi. Siku zote ni kitenzi."

"Haya. Basi mtoto asipelekwe mpaka awe na vyote vitatu. Ndivyo ninavyoandika: vigezo ni hivi, hivi na hivi."

Bi Mkato alitaka kumtania, akaghairi. Alirudia sentensi ya daktari ilivyokuwa kabla hajaigusa. Kama kosa lilikuwa kwenye nomino, basi daktari alitaka kusema "criterion", yaani kigezo kimoja: kupumua haraka. Homa na kikohozi vilikuwa vya kuandikwa tu kwenye kadi. Sentensi iliweza kusomwa hivyo bila taabu. Yeye ndiye aliyeiziba njia hiyo kwa mkato wake.

Ofisini kulikuwa na mazoea kwamba mwandishi hapigiwi simu kwa mambo ya sarufi. Mazoea hayo aliyaanzisha yeye, kwa kuwa aliona ni aibu kwa mhariri kuuliza. Alinyanyua simu.

"Daktari, samahani kukusumbua. Ile 'criteria' ya rufaa, ulikusudia kimoja au vingi?"

"Kimoja, mama. Kupumua haraka. Kwani 'criteria' si ndiyo kimoja?"

"Hapana. Kimoja ni 'criterion'."

"Basi nirekebishie. Kiingereza hicho kitaniua."

"Nilikurekebishia tayari. Nilikosea. Nilivifanya vitatu."

Mtafsiri aliacha kuchapa.

"Umeshapeleka kuchapwa?"

"Bado."

"Afadhali," daktari alisema, na sauti yake ilishuka. "Mwongozo huu niliuomba mimi. Mwaka jana nililetewa mtoto wa mwaka mmoja, amechelewa, sikuweza kumsaidia. Zahanati ilikuwa imemrudisha nyumbani mara mbili. Anahema mbio, lakini hana homa."

Bi Mkato alisema amesikia. Aliweka simu chini, akaandika "criterion", akarudisha "is", akafuta mkato. Homa na kikohozi akavipa sentensi yao wenyewe, ili asitokee mwingine wa kuvikusanya.

"Kigezo," alimwambia. "Andika kigezo ni kimoja. Kisha andika tena chini yake, kwa herufi kubwa: hata kama mtoto hana homa."

"Hilo daktari hakuliandika, shemeji."

"Najua," alisema. "Ngoja nimpigie tena nimwombe ruhusa."