Boksi Chini ya Meza

"Miezi miwili," alisema Adelard, mtaalamu aliyekisia madai ya kampuni ya bima. "Ajali ikitokea, baada ya miezi miwili tumeshaiandika. Daftari la tawi la Temeke ndilo linalosema, sista, si mie."

Kokushubila, mkaguzi wa hesabu kutoka nje ya kampuni, aliiandika namba hiyo. Ilikuwa Machi 1999. Ijumaa ilimpasa aseme kama akiba ya kulipia ajali za 1998 ambazo madai yake hayajaandikwa inatosha. Akikubali, wenye kampuni watagawana faida. Akiba ikipungua, waliogongwa ndio watakaokosa.

Alikulia Kiwalani. Mjomba wake alivunjwa mguu na lori, akahangaikia ripoti ya polisi karibu mwaka mzima. Miezi miwili hakuiamini.

Kesho yake asubuhi alikwenda tawi la Temeke. Kati ya mafaili mia na sitini yaliyofunguliwa 1998, alichukua kila la nne, akasoma ripoti ya polisi ndani yake. Katika mafaili hayo arobaini, ajali ishirini na tatu zilikuwa za 1997. Daftari lilisema karibu zote ni za 1998.

"Dada Hamisa, tarehe ya ajali unaitoa wapi?"

"Pale juu ya ripoti," alijibu karani. "Penye muhuri."

"Hiyo ni siku polisi walipoitoa ripoti, si siku ya ajali."

Hamisa akasogeza miwani. "Nilifundishwa hivyo. Na bila ripoti sifungui faili. Makao makuu hunirudishia, na maneno juu."

"Ambao hawana ripoti bado?"

Hamisa akavuta boksi la sabuni chini ya meza. Lilijaa barua zao.

Alhamisi Adelard alifika, tai imekazwa.

"Kanuni yangu haina kosa."

"Haina. Umeilisha tarehe mbovu."

"Mafaili arobaini? Umeokota mabaya."

"Kila la nne, braza. Kama huamini, hesabu barua za boksi hili. Kwa tawi hili ulikisia madai mangapi hayajaandikwa?"

"Ishirini na saba."

Adelard alivua koti. Walisoma barua moja moja, Hamisa akipiga mistari kwenye karatasi. Zilikuwa mia moja na kumi na nane. Tisini na sita zilikuwa za ajali za 1998.

Adelard aliirudia barua ya mwisho, ya mama wa Mabibo aliyeandika kwa penseli.

"Ukiweka miezi saba, kama yale mafaili arobaini yanavyoonyesha?" akauliza Kokushubila.

"Kwa tawi hili, inakaribia mia." Adelard akaiweka barua mezani. "Ikiwa ni hivi kote, faida ya mwaka inaisha yote. Wataniuliza nilikuwa wapi."

"Waambie ulikuwa makao makuu."

Hamisa alicheka, kisha akaziba mdomo.

"Matawi mengine?" Adelard akauliza.

"Wanaandika kama mie," alisema Hamisa. "Mwalimu wetu mmoja."

Kokushubila akafunga mkoba. "Basi Ijumaa sisaini. Tunaanza na tawi la Kinondoni."

Adelard akachukua koti lake, akamfuata.