Mahindi ya Nani?

Juliana aliingia dukani kwa Emelyne, pale Makanyagio, simu mkononi. "Nani kakwambia habari za mahindi yangu?"

Tangazo la Emelyne huko WhatsApp lilianza na mama wa Nsemulwa aliyefungua gunia la mahindi mbele ya wakwe, wadudu aina ya dumuzi wakatambaa, unga wa punje zilizotobolewa ukamwagika. Mfuko usiopitisha hewa, anaouuza, ulitajwa mwishoni tu.

"Nilibuni, Mama Lucas."

"Ukabuni hadi wakwe?"

"Wewe ni wa tatu leo kunijia juu."

Juliana alichukua mfuko mmoja mezani, akaugeuza, akaunusa. "Na dumuzi watafia humu?"

"Watakosa hewa. Ila mahindi yakauke vizuri, na ufunge kabisa."

"Nipe mmoja. Nikiwakuta hai, tangazo linalofuata nitaliandika mimi."