Gorogoro ya Fitri

Hakuna aliyemlazimisha Madina kubonyeza kitako cha gorogoro yake, mkebe wa kupimia mahindi, kwa hiyo tusimtafutie visingizio.

Mwaka ule wa themanini na nne, ukame ulipokaza, gunia la mahindi kutoka Meru lilipanda kutoka shilingi mia mbili arobaini hadi mia mbili tisini. Gunia hutoa gorogoro arobaini zikijazwa mpaka zifanye kilima. Kwa bei ya zamani, shilingi saba, angekula hasara. Jemimah, jirani yake wa sokoni, alipandisha hadi nane, akasemwa Isiolo nzima. Madina, mjane mwenye watoto wanne, aliogopa midomo ile. Akachukua nyundo, akagonga kitako cha mkebe kikaingia ndani, akaacha bei palepale. Gunia likaanza kutoa gorogoro arobaini na tano. Wateja wakamhama Jemimah, na Madina akasifiwa kwa huruma asiyokuwa nayo.

Ramadhani ilipofika ukingoni, watu wa mtaa wa Wabera walinunua kwake fitri, sadaka ya nafaka ya kumaliza mfungo, gorogoro moja kwa kila kichwa. Bibi Gumato, aliyekimbilia mjini kutoka Biliqo baada ya ng'ombe wake kuisha, alinunua tatu, yake na ya wajukuu wawili.

Alasiri ya siku ya mwisho akarudi na mfuko uleule.

"Fitri yangu nimekuletea wewe," alisema. "Gunia limepanda na wewe bado unatuuzia saba. Najua unaumia kwa ajili yetu, na una mayatima. Pima mbele yangu, nione imetimia."

Madina alitamani ardhi ipasuke immeze. Alipima kwa mkebe wake uleule. Zikatoka tatu kamili.

"Alhamdulillahi," Gumato alisema, akashusha pumzi.

Wallahi, angeweza kunyamaza. Mkebe ulikuwa umeshamtetea. Lakini kikongwe yule alikuwa akitabasamu, na tabasamu lile Madina alishindwa kulibeba. Akaugeuza mkebe, akamwekea mikononi.

"Akko, bibi yangu, haikutimia. Ni mimi niliyeugonga."

Gumato alipitisha kidole gumba kwenye lile bonde la bati, polepole, akarudia tena. Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililomuumiza Madina zaidi.

"Nimemsema Jemimah vibaya mwezi mzima," akasema mwishowe. "Wangapi wamechukua fitri hapa?"

"Karibu mtaa wote."

"Fitri haingoji swala ya Idi ipite. Funga duka. Kaazime mkebe wa Jemimah, umwambie wa nini, kisha ubebe mahindi tukawatimizie."

Jemimah alisikiliza, akampa mkebe, akageuka kuwahudumia wateja wake wawili.

Kwenye nyumba ya kwanza Gumato ndiye aliyepiga hodi. Mlango ulipofunguliwa alisogea kando, akamwacha Madina amesimama mbele na mahindi yake.