Pipeti ya Ishirini

Selestina alikuwa chumba cha nyuma cha maabara akisuuza bureti aliposikia mwanawe ametajwa kuwa wa kwanza.

"Sabina, kumi na tisa juu ya ishirini," alisema Mwalimu Valeriani kule mbele. "Jibu lake la mkusanyiko ni 0.088, na langu ni 0.088. Huyu ndiye atatuwakilisha mashindano ya kemia pale Karatu mjini."

Darasa likapiga makofi. Selestina, fundi wa maabara kwa mwaka wa tisa sasa, akafunga bomba ili asikie vizuri. Mwana wake mwenyewe! Shule ilipewa nafasi moja tu, na Sabina alikuwa ameililia tangu Januari. Alifurahi kwa muda wa kuvuta pumzi tatu hivi.

Halafu akajiuliza: 0.088 imetoka wapi?

Alipangusa mikono kwenye koti, akafungua daftari lake. Wiki iliyopita mwalimu alimwambia, "Madam, nitengenezee besi ya jaribio, sodiamu haidroksaidi. Kiasi usiniambie hata mimi, nitakitafuta mwenyewe kwa hesabu kama wao." Akapima gramu 4.4, akayeyusha, akajaza maji mpaka lita moja. Moli moja ya kitu hicho ni gramu arobaini. Gawanya, unapata moli 0.11 kwa lita. Ndivyo alivyoandika, kwa wino, na tarehe.

"Nailantei," sauti ya mwalimu iliendelea, "wewe umeandika 0.11. Sijui umeitoa wapi, labda Nainokanoka."

Watu wakacheka. Nailantei, binti wa wafugaji wa kule Nainokanoka, juu milimani, alihamia shuleni hapo muhula huu tu, na alikaa bweni. Aliinamia karatasi yake.

"Na Vedasto, 0.044. Moli moja ya tindikali ya salfuriki inamaliza moli ngapi za besi?"

"Mbili, mwalimu."

"Na wewe ukazidisha kwa ngapi?"

"Sikuzidisha, mwalimu."

"Basi umeacha nusu ya besi yangu mezani. Kaa."

Selestina alikuwa amesimama kando ya sinki, anaangalia pipeti kumi, ile mirija ya kioo ya kuchotea besi kwa kipimo kimoja, zilizolala kwenye kitambaa. Akaokota moja. Shingoni, chini kidogo ya mstari wa kujazia, iliandikwa 20.

Hapo akajua.

Pipeti za shule zilikuwa za 25, zote. Lakini nne zilivunjika mwezi wa pili, nyingine zikapasuka midomo, na yeye mwenyewe ndiye aliyeazima hizi za ishirini kutoka shule ya jirani asubuhi ya jaribio. Alizipanga mezani, basi. Namba si imeandikwa? Mtu mwenye macho atasoma. Hakujua kwamba watoto wale walikuwa na sentensi waliyokaririshwa tangu kidato cha pili, "Ujazo wa pipeti iliyotumika ulikuwa sentimita za ujazo ishirini na tano," na kwamba waliiandika karatasi inapotua tu, kabla hawajagusa chombo chochote. Na mwalimu aliyewakaririsha alisahihisha kwa sentensi hiyo hiyo.

Angeweza kufungua bomba tena. Hakuna aliyemuuliza kitu. Sabina angeenda Karatu na sare iliyopigwa pasi, na mama yake angekaa viti vya nyuma akipiga makofi.

"Upuuzi," alijiambia, akachukua pipeti na daftari, akaingia darasani.

"Mwalimu Valeriani, samahani. Jibu ni 0.11."

Sabina aligeuka. "Mama!"

"Hapa mimi ni fundi. Nyamaza." Aliweka daftari mezani. "Gramu 4.4 ndani ya lita moja. Nimeitengeneza mwenyewe."

Mwalimu alilisoma, akakunja uso. "Lakini madam, hesabu yangu ni sawa. Tindikali ni 0.05. Wastani wa tindikali iliyotoka kwenye bureti, darasa zima, ni 22.0. Mbili mara 0.05 mara 22, gawanya kwa ishirini na tano."

"Ishirini na tano ya nini?"

"Ya pipeti."

Akampa pipeti. Mwalimu Valeriani aliishika, akaisogeza dirishani, akavua miwani, akaivaa. Masikio yalianza kumbadilika rangi.

"Hii ni ya ishirini."

"Zote ni za ishirini. Nilikosa kukwambia, na hilo ni langu. Kutosoma ni lenu."

Kama angekuwa mtu mwingine, pengine angenuna. Lakini Mwalimu Valeriani alichukua chaki, akafuta kwa kiganja 25 iliyokuwa kwenye hesabu yake ubaoni, akaandika 20. Mbili mara 0.05 mara 22.0 ni 2.2. Gawanya kwa ishirini: 0.11. Alipiga mstari chini yake mara mbili.

"Nailantei, leta karatasi yako."

Mwalimu akaisoma kwa sauti. Mara ya kwanza, ya kukadiria, bureti ilisoma 22.6, hiyo ameitenga. Zilizofuata ni 21.9, 22.0 na 22.1, wastani 22.0. Rangi imetoka njano mpaka chungwa, akafunga bureti hapo hapo. Pipeti: 20. Moli za tindikali 0.0011, za besi mara mbili yake, 0.0022, ndani ya sentimita za ujazo ishirini. Hakuna kilichokosekana.

"Ishirini juu ya ishirini," alisema mwalimu. "Na yale maneno ya Nainokanoka nimeyafuta, binti. Utakwenda wewe."

Sabina aliinamisha kichwa juu ya dawati, na mama yake alimwona mabega yakitikisika. Selestina alirudi kusuuza vyombo. Moyo ulimuuma, ndiyo, lakini pipeti hazijioshi.

Jioni Sabina alikula makande ameinamia sahani. Alipomaliza akasema, "Ungenyamaza tu, mama. Nani angejua?"

"Mimi."

"Ni pipeti tu."

"Ni robo ya jibu, mwanangu. 0.088 jumlisha robo yake unapata ngapi?"

Sabina alihesabu, akanuna zaidi kwa sababu ilitoka 0.11 kamili.

Jumamosi asubuhi Nailantei aligonga mlango, na vitabu viwili kifuani. "Shikamoo, madam. Namtafuta Sabina. Mwalimu amesema nifanye mazoezi, na kule bweni hakuna anayeweza kuniuliza maswali magumu."

"Marahaba. Sabina! Umeitwa."

Sabina alitoka taratibu, kitenge kiunoni, mikono imekunjwa. Alimtazama mwenzake toka kichwani mpaka kwenye viatu.

"Kwanza nijibu. Sisi wote tuliandika ishirini na tano. Wewe ulijuaje?"

Nailantei aliona aibu. "Ile sentensi yenu ya pipeti nilikuwa sijaishika bado. Nilifika kwenye nafasi ya kujaza nikakwama, nikaogopa kukuuliza, usije ukadhani naibia. Nikaichukua pipeti nitazame kama imeandikwa."

Sabina alijaribu kukaza uso. Ukamshinda. Alicheka mpaka akaegemea mlango, na Nailantei, akiwa hajui kama anachekwa au anasamehewa, akaanza kucheka naye.

"Kaa hapa," Sabina alisema, akimvutia kigoda. "Tindikali ya haidrokloriki, 0.1, sentimita kumi na nane na nusu. Kaboneti ya sodiamu kwenye flaski. Tafuta mkusanyiko wake."

"Pipeti ya ngapi?"

"Aa! Nilitaka kukukamata," alisema Sabina, akaketi chini kando yake na kufungua daftari.

Selestina akaenda kuwachemshia chai.