Ibid ya Ukurasa wa 212

Shangazi mhariri alikuwa na kiburi kimoja tu, nacho kilimtosha: jicho lake. Ndiyo maana tangu jana, msimamizi wa chuo alipomwita binti wa kaka yake na kumwambia anabuni vyanzo na kwamba tasnifu yake, ambayo shangazi mwenyewe aliihariri, ingepelekwa kwenye kamati ya nidhamu, shangazi hakumpa mtoto wa watu nafasi hata ya kupumua. "Nilikwambia usikurupuke! Umetuaibisha!"

Sasa alikuwa chumba cha nyuma, akimtengenezea orodha ya marejeo kwa hasira. Kazi yenyewe inachosha, ila haina miujiza. Unapita tanbihi moja baada ya nyingine. Kila ufupisho unaurudisha kwenye jina lake kamili, na kila ibid unaisomea tanbihi iliyo juu yake, maana ibid ni kusema "ni kilekile cha hapo juu". Kurasa za nukuu unaziacha, jina la ukoo unalitanguliza, kila kitabu unakiandika mara moja tu, kisha unapanga kwa alfabeti.

Akafika kwenye ibid ya ukurasa wa 212. Juu yake kulikuwa na kijitabu kuhusu masoko. Akakivuta kwenye rundo la vitabu vya kuazima ili apate mwaka na mchapishaji. Kiliishia ukurasa wa 96. Akakifungua tena mwishoni, kana kwamba kurasa zingeongezeka kwa huruma.

Akafungua rasimu ya kwanza, ile ambayo yeye hakuwa ameigusa. Humo, ibid ileile ilifuata kitabu kinene cha reli. Akakichukua, akafunua 212, nukuu ikawa pale, neno kwa neno.

Ni yeye aliyeihamisha aya ya masoko na tanbihi yake, akaichomeka kati ya tanbihi ya reli na ibid yake ili sura ipendeze. Kompyuta ilibadilisha namba zote kwa adabu. Ibid haikubadilika, ikamng'ang'ania jirani mpya. Jicho lake halikuona kitu.

Na shetani hakukosa la kumnong'oneza: orodha ya marejeo haina ibid. Irekebishe kimyakimya, nani atajua? Aliona haya hata kukaa na wazo hilo. Akabeba kitabu cha reli hadi sebuleni.

Binti alikuwa ameinamia simu, macho yamevimba. "Shangazi, usigombe tena. Nimeshamwandikia msimamizi. Nimekiri."

"Umekiri nini?"

"Kwamba nukuu ni ya kubuni. Niliitafuta kwenye kile kijitabu, haimo. Na wewe ulipitia kila mstari, wewe hukosei. Basi ni mimi, ingawa hata sikumbuki niliibuni lini."

Shangazi akaketi sakafuni palepale na kitabu chake.

"Mpigie," alisema.

"Nani?"

"Msimamizi wako. Mpigie, unipe simu."