Farde Moja Mezani

Muhula uliopita sabuni iliisha wiki tano kabla ya likizo. Wasichana mia mbili wa bweni walifua sare zao kwa majivu ya jikoni, na siku ya kufunga shule wakajipanga mistari mbele ya wazazi, sare zikiwa na rangi ya panya. Sœur Virginie, mtawa aliyekuwa mkuu wa shule, hakusema kitu siku ile. Alisema mwezi wa nane: safari hii sabuni itoshe, na yeyote atakayeshauri vibaya ataeleza mwenyewe kwa wazazi.

Aliyepaswa kushauri ni Papa Télesphore, économe wetu, mtunza mali wa shule tangu enzi za Wabelgiji. Mimi nilikuwa msaidizi wake, miezi miwili tu nje ya chuo, na nilikuwa na haya kiasi kwamba nilipiga hodi hata kwenye mlango uliokuwa wazi.

Papa Télesphore alikuwa na sheria moja: farde moja mezani. Farde ni yale majalada ya karatasi ngumu, na kila mchuuzi alikuwa na lake. Ukilitaka, unasaini kwenye daftari, unasoma, unarudisha kabatini, kisha ndipo unaomba lingine. Mwaka fulani farde mbili zilifunguliwa pamoja, upepo wa ziwa ukaingia dirishani, na shule ikamlipa muuza maharage kwa bei ya misumari. Tangu hapo, hata Askofu angeomba mbili, angepewa moja.

Safari hii zilikuwa tatu. Papa alikuwa amewaandikia wachuuzi barua moja fupi: "Tupeni bei ya sabuni ya kufulia ya wasichana mia mbili, muhula mmoja." Hakuandika kilo. Kila mmoja akajibu alivyoelewa.

Tulikutana darasani, maana parloir, chumba cha wageni, ilikuwa inapakwa rangi. Tulikuwa watano: Sœur Virginie, Papa Télesphore na kabati lake dogo la kubebwa, Tonton Pascal dereva, Maman Adolphine, msimamizi wa bweni, aliyekuja na sampuli tatu za sabuni ndani ya beseni, na mimi, karibu na ubao.

Papa akafungua farde ya kwanza, ya Mzee Donatien wa Kadutu, hapa hapa mjini. Karatasi ilikuwa imeandikwa kwa mkono, bei juu, bidhaa chini.

"Zaïre mia sita," akasoma. Akaifunga.

"Mia sita za sabuni ngapi?" akauliza Maman Adolphine.

"Maman, nimeshafunga."

"Fungua basi!"

"Nitafungua ikifika zamu yake tena."

Akatoa ya pili, ya kampuni moja ya Bujumbura. Hiyo ilipigwa taipu, kurasa tatu, jumla ikiwa imejificha chini ya ukurasa wa mwisho. "Faranga za Burundi elfu hamsini na tano. Benki inatoa mia moja kwa zaïre moja. Ni mia tano na hamsini." Akafunga. Ya tatu ilikuwa ya mfanyabiashara wa ng'ambo ya mto Ruzizi, upande wa Rwanda, jedwali limelazwa kwa ubavu hata Papa akainamisha shingo. "Faranga za Rwanda elfu sitini na tano, mia tano na ishirini. Mia moja na nne kwa zaïre. Mia sita na thelathini."

Alikuwa amepiga hesabu hizo kichwani, na zote zilikuwa sahihi. Ndiyo maana hakuna aliyethubutu kumpinga.

"Bujumbura ndiyo rahisi," akasema, akichomoa kalamu. "Ma sœur, tusaini."

Tonton Pascal akacheka. "Papa, na hiyo sabuni itakuja kwa miguu?"

"Wewe iko dereva, endesha gari."

"Ndiyo nauliza! Kutoka Bujumbura mpaka Luberizi ni tambarare, mtu anaimba. Kupanda milima ya huku, mtu anasali."

Nilitaka kusema kitu. Haya ikanizuia. Lakini haya yangu ilikuwa ya kusema, haikuwa ya kuandika. Niliwageuzia mgongo, nikachukua chaki, nikachora mistari: majina matatu pembeni, na juu: *bei, ya nini, kilo ngapi, inafikishwa wapi, zaïre kwa kilo*. Visanduku vyote vikawa vitupu.

"Mademoiselle Eulalie," akasema Papa, "hiyo ni nini?"

"Ni... ni ubao, Papa. Si farde." Sauti yangu ilitoka ndogo kama ya kifaranga. "Ukifungua moja, mimi ninaandika. Ukiifunga, ubao unabaki wazi."

Maman Adolphine akapiga beseni kwa kiganja. "Mutoto amesema!"

Papa aliutazama ubao kama mtu anayetafuta tundu kwenye sheria yake mwenyewe. Hakulipata. Akaifungua tena ya Donatien.

Katoni hamsini, zaïre kumi na mbili kila moja, vipande ishirini kwa katoni, hadi shuleni. Uzito haukuandikwa.

"Kipande kimoja ni gramu mia nne," akasema Maman Adolphine. "Nilikiweka kwenye mizani ya jikoni."

Basi katoni ni kilo nane, na zote ni kilo mia nne. Nikaandika 1,50, yaani zaïre moja na nusu kwa kilo.

"Mia nne?" Maman akasimama. "Wasichana wangu wanataka mia tano! Kilo mbili na nusu kila mmoja. Hiyo ndiyo majivu tena!"

Farde ya Bujumbura: kilo mia tano, faranga mia moja na kumi kwa kilo. Nikaandika 1,10, Papa akatabasamu. Kisha nikafika kwenye kisanduku cha *wapi*, naye akasoma polepole: "Bidhaa ichukuliwe ghalani kwetu."

"Lori linataka makuta ishirini na tano kwa kilo, robo ya zaïre," akasema Tonton Pascal, kwa upole wa mtu aliyeshinda.

"Na ushuru kumi kwa mia ya bei," akasema Papa mwenyewe, kwa shida, maana alikuwa mtu wa haki. Nikajumlisha: mia saba na thelathini. Kwa kilo, 1,46.

Ya tatu iliuza mche mrefu wa kilo moja, kwa dazeni. Dazeni arobaini na mbili, faranga elfu moja mia tano na sitini kila dazeni, hadi mlangoni kwetu, ushuru umelipwa. Kilo mia tano na nne. Nikagawa zile zaïre mia sita na thelathini, nikarudia kugawa: 1,25.

Ile iliyoonekana ghali kuliko zote ndiyo ilikuwa rahisi.

"Inatoa povu?" Sœur Virginie akauliza.

"Zote tatu zinatoa, ma sœur," akasema Maman Adolphine. "Nilifulia shati la Pascal. Sasa tunajua lilikuwa jeupe."

Papa Télesphore aliipitia hesabu yangu kutoka juu hadi chini, midomo ikicheza. Akaishika chaki, akatafuta kosa, akaongeza tu nukta niliyoisahau. Kisha akaandika fomu ya ushauri kwa mwandiko wake mzuri, na pale pa kusaini akasukuma karatasi kwangu.

"Papa, ni wewe économe."

"Hesabu iko yako. Saini." Akanipa kalamu yake, ambayo hakuwahi kumwazima mtu. "Sabuni ikiisha mapema, mimi nitakuwa kanisani. Wazazi watakukuta hapa."

Nikasaini, jina refu lote, na la baba yangu.